Uji wa Kupimwa kwa Bomba la Sindano: Kumlisha Aliyepata Kiharusi

Karibu nusu ya watu wanaopata kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo. Wengi wao koo hurudia kazi yake baada ya wiki chache, lakini wiki hizo ndizo zenye hatari, na sehemu kubwa yake mgonjwa huwa ameshatoka hospitali, yuko mikononi mwa binti, mkwe, mjukuu au mume. Karatasi ya kuruhusiwa huwa na maneno machache tu: "vinywaji vizito, alishwe akiwa amekaa". Anayeipokea hubaki na maswali. Vizito kiasi gani? Akae vipi, na kitanda chenyewe ni cha mbao kisichoinuka upande wa kichwa? Na kwa nini maji, kitu chepesi kuliko vyote, yaogopwe kuliko ndizi za kuponda?

Tuanze na hilo la maji. Nyuma ya ulimi njia ya hewa na njia ya chakula hukutana. Njia ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma yake. Mtu mzima wa afya anapomeza, zoloto, ile nundu inayoonekana shingoni, hupanda juu na kusogea mbele, njia ya hewa hufungwa, chakula hupita, kisha hewa hufunguliwa tena. Yote hayo huisha kwa muda wa kama sekunde moja, na hatuna habari nayo. Kiharusi huharibu zile sehemu za ubongo zinazotoa amri hiyo. Amri huchelewa, au misuli ya upande mmoja wa koo huwa dhaifu na kufunga nusu nusu. Maji hayangoji. Yakishafika nyuma ya ulimi huteremka yenyewe, na kama mlango bado uko wazi yanaingia njia ya hewa. Hapo ndipo mtu anapopaliwa.

Kinywaji kizito huteremka taratibu, kwa hiyo koo lililochelewa hupata nafasi ya kufunga kabla hakijafika. Dawa haimo ndani ya uzito huo, na wala hauponyi misuli. Kazi yake ni kununua muda tu. Mkao mzuri nao unafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine: unazuia kinywaji kisikimbilie nyuma kabla mgonjwa hajawa tayari. Anayelielewa jambo hili moja ataweza kuamua mengi mwenyewe pale ambapo karatasi ya hospitali imenyamaza.

Kuna kupaliwa kunakoonekana na kusikoonekana. Kunakoonekana kila mtu anakujua: kikohozi, macho kujaa machozi, uso kubadilika. Kusikoonekana ndiko kunakohitaji jicho, kwa sababu kiharusi kinaweza kuua hisia za koo, na maji yakaingia mapafuni bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Dalili yake mara nyingi ni sauti. Mwambie aseme "aaa" baada ya kumeza. Sauti ikitoka na mlio wa majimaji, kama mtu mwenye makohozi kooni, basi kuna kitu kimebaki juu ya njia ya hewa au kimeshaingia. Dalili nyingine ni kuhema haraka baada ya kula, na homa inayokuja siku moja au mbili baadaye pamoja na kikohozi. Hiyo ni nimonia mpaka daktari aseme vinginevyo, na mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo.

Uzito wa kinywaji

Kwa miaka mingi kila hospitali duniani ilikuwa na lugha yake ya uzito: wengine wakisema kama asali, wengine kama maziwa ya mgando. Asali ya mtu mmoja si asali ya mwingine. Ndipo wataalamu wa nchi mbalimbali wakaunda mpangilio mmoja uitwao IDDSI, ambao Uingereza na Australia zilianza kuutumia rasmi 2019. Vinywaji ndani yake vina ngazi 0 hadi 4. Maji, chai na soda ni 0. Ngazi ya 1 ni nzito kidogo tu kuliko maji. Ngazi ya 2 hunyweka kwa kikombe lakini hutiririka taratibu. Ngazi ya 3 ni kama uji mzito ambao bado unamiminika, na ya 4 haimiminiki, huliwa kwa kijiko na kukaa juu yake kama kilima.

Uzuri wa mpangilio huu kwa nyumba zetu ni kipimo chake. Hakihitaji mashine. Kinahitaji bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yenyewe, la aina ambayo umbali kutoka alama ya 0 hadi alama ya 10 ni milimita 61.5, lipime kwa rula kwanza, maana mabomba hayafanani na lililo fupi au refu kuliko hapo litakudanganya. Chomoa kile kipande cha kusukumia. Ziba tundu la chini kwa kidole, mimina kinywaji mpaka alama ya 10, kisha achia kidole na uhesabu sekunde 10 kwa saa ya simu. Ziba tena na usome kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1, hicho ni chepesi kama maji. Kikibaki kati ya 1 na 4 ni ngazi ya 1, kati ya 4 na 8 ni ya 2. Kikibaki zaidi ya 8 lakini kidogo kimetoka, ni ya 3. Kisipotoka hata tone, ni ya 4, na hapo bomba limemaliza kazi yake. Kijiko ndicho kinachoendelea.

Nani anaamua ngazi? Si jirani, wala si mwandishi wa gazeti. Anaamua mtaalamu wa usemi na umezaji, na pale asipopatikana, daktari au muuguzi aliyempima mgonjwa akimeza. Ukiandikiwa "vinywaji vizito" bila namba, uliza namba kabla hujatoka wodini. Ukijibiwa "kama uji", sema: "Samahani dada, uji wa kunywa au uji wa kijiko?" Jibu la swali hilo linaweza kutofautisha ngazi ya 2 na ya 4.

Katika nchi zenye uwezo mgonjwa hupewa kopo la unga maalumu wa kuzidisha uzito. Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni wanga uliotengenezwa kiwandani, wa pili ni gamu ya zanthani. Ule wa wanga una tabia mbili za kuchosha: huendelea kuwa mzito kikombe kinapokaa, na hulegea ukigusana na mate, kwa kuwa mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Gamu haina matatizo hayo kwa kiasi kikubwa, lakini bei yake ni ya juu. Ukibahatika kupata kopo, fuata vijiko vilivyoandikwa juu yake, maana hakuna kipimo kimoja cha aina zote. Na liweke mbali na mgonjwa na watoto. Mwaka 2015 huduma ya afya ya Uingereza ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa kufariki kwa kumeza unga huo mkavu. Ulivimba kooni na kuziba hewa.

Familia nyingi za huku hazitaliona kopo hilo. Zina uji, na uji ni kinywaji kizito halali kabisa, mradi upimwe. Ila ni wanga, kwa hiyo tabia zile mbili unazo zote. Ukipoa unakuwa mzito. Ukiingiwa na mate unakuwa mwepesi. Na kuna jambo la tatu ambalo akina mama wanaolea watoto wadogo wanalijua vizuri: ukitia unga wa kimea cha ulezi kwenye uji mzito, baada ya dakika chache unalainika na kuwa majimaji. Kwa mtoto hilo ni jema, maana anapata unga mwingi ndani ya uji unaonyweka. Kwa mgonjwa wa kiharusi ni mtego. Unga wa lishe uliochanganywa kimea ndani unaweza kuuacha mzito jikoni ukaukuta mwepesi kando ya kitanda.

Nyumba moja, asubuhi moja

Tumchukulie bibi wa miaka 67 wa Tanga, aliyepooza mkono na mguu wa kulia. Ameruhusiwa na maelekezo haya: vinywaji ngazi ya 2, chakula cha kupondwa laini, kijiko cha chai, kidevu chini wakati wa kumeza. Anayemhudumia ni binti yake.

Saa moja asubuhi binti hatazami jiko kwanza, anamtazama mama. "Mama, shikamoo. Umeamkaje?" Mama anajibu, polepole, lakini macho yako wazi na sauti ni kavu. Hilo ni ruhusa ya kuendelea. Kama angekuwa anasinzia, au sauti ina majimaji tangu alfajiri, asingelishwa mpaka aamke sawasawa au koo lisafike. Mgonjwa anayesinzia halishwi hata kama hajala tangu jana. Na ikiendelea hivyo hupelekwa hospitali, ambako anaweza kuwekewa mpira wa puani kwa muda.

Kitanda cha mama ni cha mbao, kwa hiyo anahamishiwa kiti cha plastiki chenye mikono. Makalio yanasukumwa mpaka nyuma kabisa ya kiti. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa mgonjwa anayekaa ukingoni mwa kiti huteleza mbele, mgongo hupinda, na kidevu huinuka juu. Mto mmoja unawekwa nyuma ya kiuno, mwingine chini ya mkono wa kulia uliopooza ili usimvute upande huo. Miguu haifiki sakafuni vizuri, basi kinawekwa kigoda chini yake, nyayo zote mbili zikanyage. Magoti, nyonga na mgongo vinafanya pembe ya mraba. Kichwa kiko katikati, kimeinama mbele kidogo.

Binti naye anakaa. Akisimama na bakuli, mama atainua uso kumtazama, na uso ukiinuka koo hunyooka na njia ya hewa huwa wazi zaidi. Kwa hiyo anakaa kwenye kigoda, macho yao yakiwa sawa au yeye akiwa chini kidogo. Redio inazimwa na wajukuu wanatolewa nje. Watu hulichukulia jambo hili kama adabu tu, lakini ubongo uliojeruhiwa hauwezi kumeza na kusikiliza mambo mawili kwa pamoja.

Uji wa ulezi umepikwa bila kimea na kuchujwa madonge. Binti anapima kikombe cha kwanza: kwenye bomba zimebaki mililita 9. Ni mzito mno, hiyo ni ngazi ya 3. Anaongeza maji ya moto vijiko vichache, anakoroga kwa uma, anapima tena. Zimebaki 6. Hiyo ndiyo ngazi ya 2. Anaumimina uji wote kwenye chupa ya chai usipoe, kisha anatoa kidogo kidogo, nusu kikombe kwa mara moja. Kikombe kile kikigusana na kijiko kilichotoka mdomoni, kinachobaki humwagwa badala ya kurudishwa kwenye chupa. Baada ya robo saa anapima kilichopoa kwenye kikombe cha pembeni na kukuta kimefika 8.5. Hapo anajua kwa macho yake kwamba uji huo unabadilika, na kwamba kipimo cha jikoni hakitoshi. Upimwe kwa joto lile ambalo mama anaunywa.

Kijiko ni cha chai, hakijajaa. Kinaingia kwa chini, sawasawa na mdomo, kinawekwa katikati ya ulimi kuelekea upande wa kushoto ulio mzima, kinabonyeza ulimi kidogo, kinatoka. Hakuna kumimina. Binti anatazama shingo. Zoloto inapanda na kushuka, basi mama amemeza. Kijiko kikiwa kitupu kingine hakiendi mpaka aone hivyo. Kila baada ya vijiko vitatu vinne anasema, "Mama, meza tena bila kitu," kisha, "Sema aaa." Mmezo huo wa pili, mkavu, hufagia kilichobaki kooni. Mlo unachukua dakika 25. Ungepita nusu saa angeacha, kwa sababu misuli huchoka, na kijiko cha mwisho cha mtu aliyechoka ndicho kinachopalia.

Mama hataki kulishwa kama mtoto, anataka kikombe. Hilo linawezekana kwa ngazi ya 2, kama aliyempima amekubali. Kikombe cha kawaida kikikaribia kuisha humlazimisha mtu kuinua kidevu, kwa sababu ukingo unagonga pua. Binti anachukua kikombe laini cha plastiki na kukata upande mmoja umbo la nusu duara, pua ipate nafasi, kisha analainisha ukingo. Sasa kikombe kinainuka na kichwa kinabaki chini. Mrija na vikombe vya mdomo mrefu vya wagonjwa aliambiwa aviache: mrija huleta kinywaji kingi kwa nguvu hadi nyuma ya koo, na kikombe cha mdomo mrefu humwaga chenyewe na kukiinua kichwa.

Baada ya kula, mama habebwi kurudi kitandani. Anabaki amekaa nusu saa nzima au zaidi, kwa kuwa chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia njia ya hewa bila hata kumezwa. Kabla ya hapo kuna kazi moja ambayo ningeomba kila nyumba iishike kuliko zote: mdomo.

Shavu la upande uliopooza halina hisia. Chakula hujificha pale, mama mwenyewe hajui, na saa mbili baadaye amelala kinateleza kooni. Binti anapitisha kidole kilichofungwa kitambaa safi chenye unyevu kati ya shavu na ufizi wa kulia, kisha anapiga mswaki meno, ulimi na ufizi, mama akiwa ameinama mbele ili maji yatoke badala ya kuteremka. Meno ya bandia hutolewa na kusafishwa. Sababu yake haiishii kwenye harufu ya mdomo. Nimonia ya kupaliwa huletwa zaidi na vijidudu vya mdomoni vinavyosafiri na mate kuliko na uji wenyewe. Utafiti wa Japani uliochapishwa 2002, uliofanywa katika nyumba 11 za kutunzia wazee, ulionyesha kwamba waliosafishwa mdomo baada ya kila mlo walipata nimonia kwa uchache kuliko wenzao. Mswaki na dakika tano hazimshindi mtu yeyote.

Kidevu chini, na mikao mingine

Maelekezo ya "kidevu chini" yanasambaa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine kana kwamba yanamfaa kila mtu. Hayamfai kila mtu. Kuinamisha kidevu kuelekea kifuani hupanua ile nafasi iliyo nyuma ya ulimi, kinywaji kikatua pale kwa muda na kusubiri koo, na pia husogeza ulimi nyuma uikinge njia ya hewa. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kuchelewa, inasaidia. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni mabaki yanayokaa chini zaidi kooni baada ya kumeza, kidevu chini kinaweza kuyamwaga mabaki hayo kwenye njia ya hewa.

Mwingine ataambiwa ageuze uso upande uliopooza wakati wa kumeza. Inasikika kinyume, lakini kugeuka huko hubana nusu dhaifu ya koo, chakula kikapita nusu iliyo nzima. Mwingine ataambiwa ainamishe kichwa upande mzima ili chakula kiteremke huko. Kugeuza na kuinamisha ni vitu viwili, na kila kimoja kina mgonjwa wake. Mkao usioelekezwa na aliyempima mgonjwa usijaribiwe. Kukaa wima na kichwa kuinama mbele kidogo ndiyo salama ya wengi pale pasipo na maelekezo mengine.

Kama hawezi kabisa kutoka kitandani, kitanda kisogezwe ukutani, mgonjwa akae ukutani badala ya kuegemea mito laini inayozama. Wako wanaotumia kiti cha mbao kilichogeuzwa kifudifudi juu ya godoro, mgongo wa kiti ukafanya egemeo, kisha mito migumu juu yake. Mto mmoja chini ya magoti humzuia kuteleza. Mwinuko wa nusu, ule wa mtu anayetazama televisheni amelala, hautoshi kulishia.

Vyakula vinavyodanganya

Vipo vitu vinavyoingia mdomoni vizito na kugeuka maji. Aisikrimu na jeli huyeyuka kwa joto la ulimi. Tikiti maji, chungwa na nanasi hukamuliwa na taya na kumwaga maji. Andazi lililochovywa kwenye chai lina ugumu na maji pamoja, na supu yenye vipande vya nyama ni hivyo hivyo: mgonjwa anatafuna nyama huku mchuzi ukiteremka wenyewe. Wali mkavu husambaa mdomoni. Karanga na bisi ni hatari tupu. Mtori uliosagwa na kuchujwa, viazi vya kuponda na mchuzi mzito, ndizi mbivu ya kuponda na maziwa ya mgando yaliyopigwa vizuri hukaa pamoja kama donge moja, na koo hulipokea kwa mara moja.

Kwa mwenye kisukari, kumbuka kwamba uji anaopewa badala ya maji ni chakula. Vikombe kumi vya uji kwa siku vitapandisha sukari. Mwambie daktari, dozi na milo vipangwe upya.

Vidonge vina somo lao. Watu huvisaga vyote na kuvitia kwenye uji. Vidonge vingi vinasagika, lakini nifedipini ya kutolewa polepole, dawa ya presha inayotumika sana Afrika Mashariki, haisagwi kamwe. Kidonge hicho kimetengenezwa kitoe dawa kwa saa nyingi. Kikisagwa hutoa yote kwa mpigo, presha hushuka ghafla, na ubongo uliokwisha kukosa damu mara moja hukosa tena. Muulize mfamasia kidonge kimoja kimoja: hiki kinasagika? Kisichosagika kina mbadala. Mweleze pia kama unatumia kopo la unga wa wanga na dawa ya choo ya makrogoli, kwa sababu dawa hiyo hulegeza unga huo mpaka kinywaji kinarudi kuwa chepesi.

Kiu

Sasa niseme lililo gumu. Vinywaji vizito havipendezi. Havikati kiu, hubaki mdomoni, na mgonjwa hunywa kidogo kuliko anavyohitaji. Mama wa Tanga siku ya nne alimwomba binti yake maji, maji tu, na binti akatoka nje kulia. Simlaumu yeyote kati yao.

Ushahidi wenyewe una pande mbili. Picha za eksirei zinazochukuliwa mtu akimeza zinaonyesha wazi kwamba kinywaji kizito huingia njia ya hewa mara chache kuliko maji. Lakini kuonyesha kwamba watu hao hupata nimonia kwa uchache kumekuwa kugumu zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2008, uliofanywa kwa wagonjwa wa Pakinsoni na wa kusahau, haukuona tofauti ya wazi ya nimonia kati ya waliopewa vinywaji vizito na waliomeza maji kidevu kikiwa chini. Waliopewa vizito walikaukiwa maji mara nyingi zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa wa kiharusi, kwa hiyo hatuwezi kuhamisha matokeo yote. Ila yanatufundisha kwamba kuzidisha uzito "kwa usalama" si usalama. Aliyeandikiwa ngazi ya 2 asipewe ya 4.

Kwa hiyo maji yahesabiwe. Mtu mzima anahitaji kama lita 1 na nusu ya vinywaji kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Njia nyepesi ni chupa ya lita 1 na nusu iliyojazwa maji ya kunywa asubuhi. Kila kinywaji cha siku kitengenezwe kwa maji ya chupa hiyo. Jioni ikibaki nusu, unajua. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, ulimi mkavu, choo kigumu, au mgonjwa kuchanganyikiwa kuliko jana: hizo ni dalili za kukaukiwa, na hazingoji kliniki ya mwezi ujao.

Zipo hospitali zinazoruhusu baadhi ya wagonjwa maji matupu kati ya milo, mdomo ukiwa umesafishwa na angalau nusu saa imepita tangu kula. Hoja yake ni kwamba maji safi kidogo yakiingia mapafuni hufyonzwa, tofauti na chai ya maziwa au mate machafu. Haruhusiwi kila mtu: mwenye kifua kibaya, anayesinzia, au asiyeweza kukaa wima hafai. Lakini swali hilo linastahili kuulizwa kliniki, na binti wa Tanga aliuliza. Mama yake akaruhusiwa vijiko vya maji saa nne na saa kumi, baada ya mswaki.

Wageni wanaokuja kumwona mgonjwa huja na juisi na soda, na mara nyingi ni wakubwa ambao kijana anaona haya kuwakataza. Karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kichwa cha mgonjwa humwondolea haya hiyo: ngazi ya kinywaji, mkao, na "tafadhali usimpe kitu bila kumwona anayemhudumia".

Akipaliwa na akawa anakohoa kwa nguvu, mwinamishe mbele umwache akohoe, usimpe maji. Akishindwa kukohoa, kusema wala kuvuta hewa, mpige mara tano kwa kiganja kati ya mabega akiwa ameinama, na isipotoka mkumbatie kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, ubinye ndani na juu mara tano. Endelea kwa zamu huku mwingine akitafuta gari. Ukiona anazimia, mlaze chini na uanze kukandamiza kifua.

Ngazi iliyoandikwa siku ya kutoka hospitali si ya kudumu. Omba apimwe tena baada ya wiki mbili hadi nne, na uende na daftari lenye kile alichokunywa kila siku, siku alizokohoa na alikuwa anakula nini, muda wa milo, homa kama ilikuwepo, na uzito wa mwili kama mizani inapatikana. Mpimaji atashuka ngazi moja kwa wakati, kutoka 2 kwenda 1, na kumtazama siku kadhaa kabla ya kufika kwenye maji. Nyumbani msishuke wenyewe kwa sababu sauti imerudi au mkono umeanza kuinuka. Mkono na koo huamrishwa na sehemu tofauti za ubongo, na kimoja kinaweza kupona wakati kingine bado.